Adabu za Mhudumu wa Mlango Siku ya Ijumaa



Ndugu msomaji, Ijumaa moja nilikuwa zamu ya mlangoni katika msikiti wa chuo chetu. Imamu alikuwa ameshaanza khutba alipoingia kijana mgeni, anahema, ametoka darasani. Nilimtolea salamu kwa sauti, nikamuuliza anatoka wapi na anasoma kozi gani, kisha nikamshika mkono tukaruka mabega ya watu hadi safu ya pili. Alipotaka kuswali, nikamwashiria akae. Nilidhani nimemkirimu, lakini Ijumaa iliyofuata sikumwona. Niliporejea vitabuni nikaona nimekosea mara tatu.

Kosa la kwanza ni maneno. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba hata kumwambia mwenzako "nyamaza" imamu akihutubu ni upuuzi. Maswali yangu je? Wakati huo tabasamu na ishara ya mkono kuelekea penye nafasi vinatosha.

La pili ni kuruka mabega. Katika Abu Dawud, Abdullah bin Busr amesimulia kuwa Mtume (SAW) alimwamuru mtu aliyekuwa akifanya hivyo akae, kwa kuwa anawaudhi watu. Tiba yake huanza mapema: kabla ya khutba, waombe waliotangulia wajaze safu za mbele, ili nafasi za karibu na mlango wabakiziwe wanaochelewa.

La tatu ni kumzuia kuswali. Jabir amepokea kuwa Sulayk al-Ghatafani aliingia Mtume (SAW) akihutubu, akakaa, naye akamwamuru asimame aswali rakaa mbili nyepesi. Mashafii na Mahanbali wameshika hivyo. Mahanafi na Wamaliki wanaona aketi asikilize. Basi anayeswali na anayeketi wote wana msingi, na mlangoni si mahali pa kumhukumu yeyote kati yao.

Ukarimu una wakati wake, nao ni kabla ya adhana ya khutba. Toa salamu, onyesha pa kuweka viatu na pa kutawadhia, na dada zetu wapokewe na dada mwenzao kwenye mlango wao. Jina, madhehebu na mavazi ya mtu usiviulize. Baada ya swala, mwachie mgeni amalize nyiradi zake. Akikutazama au akisitasita mlangoni, msogelee umkaribishe. Akiharakisha, mwombee heri.

Hadithi sahihi zinatueleza kuwa siku ya Ijumaa malaika husimama kwenye milango ya misikiti wakiandika wanaotangulia. Imamu akitoka, hukunja daftari zao na kusikiliza. Nasi wa mlangoni, imamu akipanda mimbari, tukae tusikilize.

Wallahu a'lam.