Kusoma Geji ya Upepo wa Tairi Katika Picha

Tuchukue mfano wa mwenye gari aliyeko Mugumu, wilayani Serengeti. Dereva wake yuko Robanda na amemtumia picha ya geji iliyopimia upepo wa tairi la mbele asubuhi, kabla ya safari. Kibandiko cha mlangoni kinaagiza 240 kPa, yaani kilopaskali 240. Geji ina duara mbili za namba: ya nje imeandikwa psi, yaani paundi kwa inchi ya mraba, na ya ndani imeandikwa bar.

Hatua ya kwanza ni kutafuta thamani ya mstari mmoja mdogo. Katika duara ya nje, nafasi kati ya 20 na 30 imegawanywa mara tano. Tofauti ni 10. Ikigawanywa kwa 5, kila nafasi ni psi 2. Mshale umesimama kwenye mstari wa nne baada ya 20. Kwa hiyo kipimo ni psi 28. Anayedhani kila mstari ni psi 1 atasoma 24.

Hatua ya pili ni kubadili vizio. Bar 1 ni sawa na kPa 100, na ni takribani psi 14.5. Gawanya 28 kwa 14.5, upate bar 1.93, yaani kPa 193. Kibandiko kinaagiza kPa 240, ambayo ni bar 2.4, zidisha kwa 14.5, upate takribani psi 35. Tairi limepungukiwa psi 7. Aliyesoma 24 angeagiza kuongeza psi 11, na tairi lingefika 39, kupita kiwango.

Hatua ya tatu ni kujihakiki kwa duara ya ndani. Mshale ni mmoja, hivyo duara zote mbili lazima zikubaliane. Psi 28 inaupeleka mshale karibu kabisa na bar 2, kama picha inavyoonyesha. Psi 24 ingeuweka kwenye bar 1.66. Duara zikipingana, hesabu mistari upya.

Picha yenyewe nayo yaweza kupotosha. Mshale uko juu kidogo ya uso wa namba. Kamera ikielekezwa kutoka pembeni, mshale huonekana umesogea. Mwombe dereva apige picha akiwa ameikabili geji moja kwa moja. Aongeze picha ya pili, geji ikiwa haijaunganishwa na tairi. Ikiwa mshale haukurudi kwenye sifuri, geji hiyo isitumike.

Mwisho, uliza picha imepigwa lini. Kiwango cha kibandiko ni cha tairi lililopoa. Baada ya mwendo tairi hupata joto na upepo wake husoma juu zaidi. Usiagize upunguzwe kwa kipimo hicho. Subiri tairi lipoe, kisha lipimwe upya.