Hisa za Kwanza: Kutoka Kufungua Akaunti hadi Kununua



Ndugu zangu wanafunzi, tangu nilipoanza kununua hisa katika Soko la Hisa la Uganda nimeulizwa maswali yale yale: inaanzia wapi, inahitaji pesa ngapi, na je, ni halali? Somo hili litajibu kwa mpangilio. Linaanza na kampuni, kisha akaunti, kisha oda.

Kwanza, unashirikiana na nani?

Anayenunua hisa anakuwa mshirika katika biashara ya kampuni, kwa hiyo tunaanza na biashara yenyewe. Katika soko letu baadhi ya majina yanaondoka mara moja. Stanbic, dfcu na Baroda ni benki za riba. BAT inauza sigara. EABL, iliyoorodheshwa pia Nairobi, inatengeneza bia.

Lakini bidhaa safi peke yake haitoshi. Tazama Uganda Clays, kampuni ya matofali na vigae, ambayo kiwanda chake kimoja kiko Kajjansi na kingine Kamonkoli, jirani na Mbale. Hakuna Mwislamu atakayelalamikia kigae. Hata hivyo vitabu vyake vimebeba kwa miaka mingi mkopo wa riba kutoka NSSF, ambao tangu mwanzo ulizidi shilingi bilioni 10.

Hapa kipimo kinachotumiwa na wengi ni cha AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu. Kinasema mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato ya haramu yasifike asilimia 5 ya mapato yote. Wapo wanavyuoni wanaokataa hata kiasi hicho, kwa hiyo muulize shekhe unayemwamini. Kukokotoa ni rahisi. Uganda Clays ina hisa milioni 900. Tuseme kila hisa inauzwa shilingi 10: thamani yake sokoni ni bilioni 9, na asilimia 30 yake ni bilioni 2.7. Deni la bilioni 10 limevuka mpaka huo kwa mbali. Kwa bei hiyo na deni hilo, kampuni ya vigae inaanguka mtihani.

Takwimu hizi zinapatikana katika ripoti ya mwaka ya kampuni, ukurasa wa mizania. Tafuta mstari wa mikopo, kisha fanya hesabu hiyo kwa bei ya siku. Mimi niliishia kwa Quality Chemical, watengenezaji wa dawa wa Luzira walioingia sokoni mwaka 2018. Hukumu hii haidumu milele. Deni hupanda na bei hushuka, kwa hiyo rudia hesabu kila ripoti mpya inapotoka.

Pili, akaunti

Huwezi kwenda sokoni mwenyewe. Unapitia kwa dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka. Usiruke hatua hii, maana matapeli wa hisa huwatafuta wanafunzi kwenye makundi ya simu. Dalali wa kweli anakupa akaunti ya benki yenye jina la kampuni yake. Mtu anayekutaka utume pesa kwenye namba yake binafsi ya simu, mwache hapo hapo.

Dalali atakufungulia akaunti ya SCD, yaani daftari kuu la kielektroniki ambamo hisa zako huandikwa. Andaa kitambulisho cha taifa, au pasipoti kama umetoka nchi jirani, pamoja na picha ndogo na namba ya akaunti ya benki. Jina liwe lile lile kwenye kila karatasi. Kama kitambulisho kinasema Muhammad na benki inasema Mohamed, rekebisha kwanza, kwa sababu gawio lako litatumwa benki kwa jina lililo kwenye SCD.

Faida kubwa ya akaunti hii ni kwamba hisa ni zako kwa jina lako. Ofisi ya dalali ikifungwa kesho, hisa zinabaki kwenye daftari, nawe unahamia kwa dalali mwingine. Ukishapewa namba ya SCD, itunze kama unavyotunza namba yako ya usajili wa chuo.

Tatu, oda

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoumia, kwa sababu soko letu ni jembamba. Kuna hisa zinazopita siku kadhaa bila mtu kuuza wala kununua. Kwa hiyo bei unayoisoma kwenye gazeti ni ya muamala wa mwisho, na huenda muamala huo ulikuwa wa wiki iliyopita.

Kabla ya kuagiza, mwombe dalali akusomee foleni: wanunuzi wanataka kulipa ngapi, na wauzaji wanataka kupokea ngapi. Tuseme bei ya mwisho ni 100, mnunuzi wa juu kabisa anatoa 97, na muuzaji wa chini kabisa anadai 108. Ukisema tu "ninunulie," utalipa 108. Ukihitaji pesa zako jioni ile ile, utapata 97. Zaidi ya sehemu ya kumi imepotea ilhali kampuni haijabadilika hata kidogo.

Dawa yake ni oda yenye kikomo cha bei. Nilimwandikia dalali wangu hivi: nunua hisa 1,000, bei isizidi shilingi 100, oda idumu wiki mbili. Anayeanza kwa kidogo amuulize dalali kwanza kiwango cha chini cha hisa. Kisha unasubiri. Zinaweza kupatikana hisa 600 leo na 400 baada ya siku nane, au zisipatikane kabisa, na pesa zako zikabaki salama.

Sasa gharama. Hisa 1,000 kwa shilingi 100 ni 100,000. Ada za dalali, soko na Mamlaka kwa pamoja huwa karibu asilimia 2, kwa hiyo unatoa 102,000. Siku ya kuuza utakatwa tena karibu kiasi hicho. Maana yake bei lazima ifike kama 104 ndipo urudishe ulichotoa, bila faida yoyote. Muulize pia dalali kama ana ada ya chini kabisa kwa kila oda, maana kwa mtaji mdogo hiyo inaweza kumeza asilimia kubwa.

Oda ikikamilika utapokea hati ya muamala yenye idadi, bei na makato. Ilinganishe na ulichoagiza. Siku tatu za kazi baadaye hisa zinaandikwa kwenye SCD, na hapo omba taarifa ya akaunti yako. Kabla jina lako halijaonekana pale, usihesabu kwamba umemaliza.

Gawio likija, litakuwa limekatwa kodi ya asilimia 10. Kama kampuni ilipata riba kidogo benki, kokotoa sehemu hiyo ya gawio uitoe kwa masikini, bila kuihesabu kuwa sadaka yako.

Na kwa kuwa soko ni jembamba pia wakati wa kuuza, ada ya muhula isiguse hisa. Mnunuzi anaweza kuchelewa wiki tatu, na ofisi ya mhasibu wa chuo haitamsubiri.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.