Akaunti ndogo na vitambulisho

Swali: Nimesikia kwamba India mtu asiye na kitambulisho hufungua akaunti ya benki. Ina mipaka gani, na huipandishaje?

Jibu: Ni kweli. Hutoa picha yake na kutia sahihi au dole gumba mbele ya ofisa wa benki. Akaunti hiyo ndogo haipokei zaidi ya rupia 100,000 kwa mwaka, haitoi zaidi ya 10,000 kwa mwezi, na salio halivuki 50,000.

Kikwazo hutokea mapema kwenye salio. Tuseme fundi cherehani anaweka 8,000 na kutoa 3,000 kila mwezi. Baada ya miezi 9 salio limefika 45,000, ingawa alizoweka ni 72,000 tu. Amana inayofuata ya 8,000 itakataliwa, kwa kuwa ingevusha salio 50,000.

Akaunti hudumu miezi 12. Akionyesha uthibitisho kwamba ameomba kitambulisho, huongezewa 12 mingine. Akileta kadi ya mpiga kura, pasipoti au leseni ya udereva, benki humhakiki na kuondoa mipaka hiyo. Kabla ya hapo hawezi kupokea fedha kutoka nje ya nchi.

Kwa hiyo, mwenye akaunti hiyo aombe kitambulisho mwezi wa kwanza na atunze stakabadhi ya maombi.