Umenisimulia mimi, binti yako hujamwambia

*Mimi ni mama wa miaka 59, naishi Tanga. Nina binti mmoja wa miaka 31, ameolewa Arusha. Baba yake alituacha akiwa mdogo, nikamlea peke yangu kwa kuuza vitumbua asubuhi na samaki wa kukaanga jioni. Nilikuwa mkali kupita kiasi. Nilimchapa kwa mwiko, kwa ufagio, kwa chochote kilichokuwa karibu. Akiwa kidato cha pili nilikuta barua ya mvulana ndani ya daftari lake. Nikaisoma kwa sauti uani mbele ya wapangaji, wakacheka, kisha nikamchapa pale pale. Usiku mmoja alichelewa kurudi kutoka tuisheni, nikamfungia mlango, akalala barazani mpaka alfajiri. Nikikasirika nilimwambia amerithi uchafu wa baba yake.*

*Sasa ananitumia pesa kila mwezi, hajaruka hata mmoja, lakini hapigi simu. Miezi mitatu iliyopita alijifungua. Sikuitwa kumkanda wala kumwogesha mtoto. Arobaini yake imesimamiwa na mama mkwe. Hapo ndipo nilipoelewa. Nimeandika barua ya kumwomba msamaha, naiambatanisha. Mjomba wake amejitolea kuipeleka Arusha na kumsomea mwenyewe, ili amweke sawa. Je, barua inafaa?*

*Mama wa Mmoja, Tanga*

Shikamoo, mama.

Nimesoma barua zako zote mbili, hii uliyoniandikia mimi na ile uliyokusudia kumpelekea binti yako, na nitakuambia bila kuzunguka: umekosea bahasha. Mimi nisiyekujua umenieleza kila kitu, mwiko, barua iliyosomwa uani, mlango uliofungwa, hata yale maneno kuhusu baba yake. Yeye aliyelala barazani hukumtajia hata kimoja. Nimetafuta katika ukurasa wako mzima neno “barazani” sikuliona. Umemwandikia hivi: “Kama kuna mahali nilikukosea katika malezi, unisamehe, kwani mzazi naye ni binadamu.”

Hiyo “kama” ndiyo itakayoiua barua. Binti yako hana shaka kwamba ulimkosea, na wewe pia huna, maana umeniorodheshea makosa yenyewe. Ukimwandikia “kama” atajiuliza mambo mawili, na yote mabaya: ama mama amesahau, ama anakumbuka lakini hataki kusema. Msamaha wa jumla namna hiyo huombwa na watu wakiagana kwenda Hija, wanamwambia kila jirani, “Nisamehe nilipokukosea.” Kwa jirani unatosha. Kwa mtoto uliyemlaza nje hautoshi.

Baada ya hapo umeweka aya nzima ya shida zako: kutelekezwa, kodi ya nyumba, kuamka saa kumi kusaga mchele wa vitumbua. Mama, naziamini zote, na sidhani binti yako amezisahau, kwani alikuwa humo humo ndani akila na kulala katika shida hizo. Tatizo ni mahali ulipoziweka. Zikikaa karibu na kosa zinageuka kuwa utetezi, na msomaji anaanza kukuhurumia wewe kabla hujamhurumia yeye. Zitoe. Akitaka siku moja kujua ulikuwa unapitia nini, atauliza mwenyewe, na siku hiyo utamweleza hadi usiku wa manane.

Umeandika pia kwamba “wazazi wote wa wakati ule walichapa.” Hapo huna uongo mkubwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatangazwa 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, yaani rika la binti yako, na karibu robo tatu yao, wasichana kwa wavulana, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Lakini angalia jinsi sentensi hiyo inavyomfikia aliyechapwa. Inamwambia kwamba maumivu yake ni ya kawaida mno kustahili barua. Halafu si wazazi wote walioisoma ile barua ya mvulana uani. Hilo ulilifanya wewe.

Sasa nifike kwenye mstari ulionitisha zaidi. Karibu na mwisho umeandika: “Kumbuka mimi ndiye mama yako na radhi zako ziko kwangu. Mlete mjukuu wangu nimwone kabla sijafa.” Wewe na mimi tunajua uzito wa radhi za mama katika nyumba zetu. Kuzitaja ndani ya barua ya kuomba msamaha ni kupiga magoti huku umeshika bakora nyuma ya mgongo. Umemwomba msamaha kwa mkono mmoja, kwa mwingine umemtisha na laana na kifo. Na umemtaja mtoto. Ataona kwamba barua yote ilikuwa njia ya kumfikia mjukuu, na kwa kuwa imekuja miezi mitatu baada ya kujifungua, utakuwa na kazi kubwa kumkanushia.

Nadhani, ingawa sijazungumza naye, kwamba hukuitwa kwenye arobaini si kwa kulipiziwa kisasi. Mwanamke aliyetoka kujifungua yuko hoi, anavuja maziwa, anakandwa kwa maji ya moto na mtu anayemwona katika hali dhaifu kuliko zote. Anamchagua mtu ambaye mwili wake haumwogopi. Labda pia alimtazama mtoto akalikumbuka lile baraza. Kwa hiyo ahadi moja tu kuhusu mjukuu ndiyo yenye nafasi katika barua hii, na iwe ahadi isiyofuatwa na ombi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, wakiongozwa na Roy Lewicki, walichapisha mwaka 2016 majaribio ambayo watu walipimishwa maneno ya kuomba radhi yaliyogawanywa vipande sita. Kipande kilichobeba uzito kuliko vyote kilikuwa kukiri kwamba kosa ni langu. Kikafuata kujitolea kurekebisha. Kilichoshika mkia kilikuwa kuomba kusamehewa. Majaribio yale yalihusu mambo ya kazini, si mama na mwana, kwa hiyo usiyafanye msahafu. Ila yananipa nguvu ya kukuambia jambo ambalo pengine litakushangaza: usimwombe akusamehe. Ukimwomba unampa kazi, tena kazi ambayo mtoto wa Kiislamu au wa Kikristo aliyelelewa vizuri hawezi kuikataa mbele ya mama yake bila kujiona mkosefu. Atajibu “Nimekusamehe mama” kwa meseji ya maneno mawili, na mlango utakuwa umefungwa kwa adabu.

Hivi ndivyo ningeandika kwa kutumia yale uliyonieleza. Usiinakili, maana anaujua mdomo wako na atagundua si wako. Tazama tu kilichomo na kisichomo.

*Mwanangu,*

*Ulipokuwa kidato cha pili nilichukua barua yako nikaisoma uani mbele ya watu, kisha nikakupiga. Haikuwa yangu kuisoma, na aibu ile hukuistahili. Usiku ule uliotoka tuisheni nilikufungia mlango ukalala barazani. Ulikuwa mtoto wa kike peke yako nje, na mtu wa kukulinda nilikuwa mimi. Nilikuambia mara nyingi kwamba umerithi uchafu wa baba yako. Haikuwa kweli, na hata nilipokuwa nikisema nilijua si kweli. Nilikupiga kwa hasira zangu, si kwa makosa yako.*

*Pengine yapo mengine niliyoyasahau na wewe unayakumbuka. Ukitaka kuniambia, nitasikiliza wala sitabisha. Usipotaka, sikudai jibu.*

*Mtoto wako sitamnyanyulia mkono wala kumtolea maneno kama yale.*

*Mama yako*

Imetosha ukurasa mmoja. Kila tendo lina mahali lilipotokea, na baada ya kila tendo hakuna “lakini”. Sehemu ngumu kwako itakuwa ile ya “sitabisha”. Watoto hukumbuka siku ambazo wazazi hawazikumbuki kabisa. Anaweza kukujibu, “Na ile siku ya harusi ya mama mdogo je?” nawe ukatafuta kichwani usione harusi wala mama mdogo. Usiseme haikutokea. Sema, “Sikumbuki, nisimulie,” na akisimulia umalizie kwa kusema ulimkosea hapo pia, ikiwa ndivyo inavyoonekana.

Iandike kwa mkono, na usipige simu badala yake. Simu inadai jibu papo hapo, na WhatsApp itamwonyesha kwamba unajua ameshasoma. Karatasi anaweza kuisoma nusu, akaiweka kabatini, akairudia mwezi ujao mume na mtoto wakiwa wamelala. Ifunge kwenye bahasha, gundisha, itume kwa basi kama unavyotuma mizigo mingine, jina lake juu. Usiweke ndani doti ya kanga wala unga wa uji wa mzazi. Zawadi ina adabu zake, lazima mtu aseme ahsante, na hapa hatutaki aseme chochote kwa kulazimika. Kanga zitume mwezi mwingine.

Baada ya hapo kuna mambo matatu yanayoweza kutokea. Akija juu na kukuandikia maneno makali, usikimbilie kumwambia shangazi zake kwamba umeomba msamaha ukatukanwa. Hasira ya namna hiyo hutoka kwa mtu ambaye amesoma hadi mwisho. Akijibu haraka “Yalishapita mama, usijali,” pokea, ila usidhani kazi imekwisha. Utajua imeanza kufanya kazi pale atakapokupigia bila sababu ya pesa, au atakapokubishia jambo dogo bila kuogopa. Na akinyamaza, basi amenyamaza. Pesa ikiingia mwisho wa mwezi, jibu kama siku zote kwamba imefika na umshukuru. Usiongeze “Umeipata barua?” Kwa mtu aliyelelewa kwa mwiko, swali hilo litasikika kama hatua za miguu zikija chumbani. Inawezekana ukakaa mwaka bila neno, na inawezekana mjukuu akaanza kutembea hujamwona. Sina namna ya kukuepusha na hilo, na barua nzuri haina dhamana ya kukurudishia kitu.

Umeuliza kuhusu mjomba. Hapana, mama. Barua ya kwanza ya binti huyu ilisomwa kwa sauti na mtu mwingine mbele ya watu. Hii asiisome mwingine yeyote isipokuwa yeye. Mjomba mshukuru kwa moyo wake, mpe chai na vitumbua, umwambie safari ya Arusha imeahirishwa, na asipige simu huko kuuliza habari.