Kijembe kwa fundi wa Mapinga

Unajenga Mapinga, unaishi Temeke. Umemwandikia fundi: “Hongera, kwa kasi hii tutahamia kesho.” Kajibu: “Amina bosi.” Ile sauti uliyoivuta kwenye “hongera” haikufika, yamefika maneno tu. Na fundi mwenye saiti tatu husoma linalomfaa.

Futa sifa. Taja mlichokubaliana, hali ilivyo, kisha uliza: “Fundi, habari za kazi. Lenta tulisema imwagwe Ijumaa, leo Jumanne bado. Umekwama kwa saruji au vibarua?”

Kijembe ukikitaka, tuseme kwa shemeji, anza na “eti” na ufuatishe ukweli: “Eti tunahamia kesho! Hata lenta bado.” Emoji ya kicheko usimtumie fundi, lalamiko litageuka utani.