Papa Potwe wa Mchanga: Kutengeneza Katuni Mezani kwa Simu

Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe huja kula karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia. Ukiwa kwenye boti unamwona kwa juu: mgongo mweusi wenye madoa meupe, na mkia unaopiga kushoto na kulia. Meza ya mchanga nayo humwona hivyohivyo. Simu inatazama chini, taa iko chini ya kioo, mchanga uliofunika mwanga unaonekana mweusi, na kila tundu utakalotoboa linang'aa kama doa. Caroline Leaf alitumia mchanga juu ya mwanga alipotengeneza nchini Kanada, mwaka 1974, filamu ya hadithi ya Wainuiti kuhusu bundi aliyeoa bata bukini.

Mchanga

Nusu kilo inatosha. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi hunyonya unyevu, kwa hiyo ukiutumia vilevile utaganda na kushika kioo. Uoshe kwa maji baridi mara tatu, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha uchekeche kwa kipande cha chandarua. Jaribu kiganjani: ukikunja ngumi na kuifungua, mchanga umwagike wote. Ukibaki donge, rudisha juani.

Meza, taa na simu

Weka kioo juu ya matofali manne, na chini yake ubandike karatasi nyeupe ili mwanga utawanyike. Taa ikae sakafuni, katikati. Simu ilale juu ya ubao uliowekwa kati ya viti viwili virefu, jicho la kamera likitokeza pembeni na kutazama chini wima. Ifunge kwa utepe isicheze.

Funga madirisha na uzime feni. Upepo wa kaskazi ukipenya kidogo tu utampeperusha papa. Kisha katika programu ya kupiga picha mojamoja, funga umakini wa lenzi, kiasi cha mwanga na rangi. Ukiviacha vijirekebishe vyenyewe, filamu itapepesa kila mchanga unapopungua au kuongezeka. Piga kwa kitufe cha sauti cha vipokea sauti vya waya, kama simu yako inakubali, usiguse simu yenyewe.

Hesabu ya safari

Picha 12 kwa sekunde zinatosha. Tuseme papa avuke sentimita 36 za kioo kwa sekunde 6. Hizo ni picha 72, kwa hiyo kila picha anasogea milimita 5. Mkia uende upande mmoja kwa picha 12 na kurudi kwa 12, yaani pigo zima la sekunde 2, na safari nzima ina mapigo matatu. Usigawe hatua za mkia sawasawa. Ukikaribia mwisho wa upande sogeza kidogo, katikati sogeza zaidi, kwa sababu mkia hupunguza mwendo kabla ya kugeuka. Ukigawa sawa, papa ataonekana kama bawaba ya mlango.

Kumsogeza

Papa wa mchanga havutwi. Ongeza mchanga mbele ya pua, milimita 5, kisha kwa brashi laini ondoa uliobaki nyuma. Mwili wa katikati hauguswi, isipokuwa madoa: nyunyiza mchanga uyazibe, halafu toboa mapya milimita 5 mbele kwa kijiti cha meno. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukimpa papa madoa 50, huwezi kuyarudisha yote mahali pake, na mgongo utachemka kama uji. Mpe madoa 9 tu, safu 3 za matatu, na washa kivuli cha picha iliyopita kwenye skrini ili ulinganishe kabla ya kupiga.

Ukikosea

Kila unapomsogeza papa, umbo lake la kabla linafutika mezani. Huwezi kurudi kurekebisha. Cheza filamu baada ya kila picha 12. Mwanga ukipepesa huku mipangilio imefungwa, angalia nguo yako: shati jeupe hurudisha mwanga juu ya kioo, kwa hiyo vaa nyeusi. Papa akiruka, meza au simu imesogea.

Mimi niliwahi kupiga chafya kwenye picha ya 41. Nilijaribu kumjenga upya kama alivyokuwa, na filamu ikaonyesha papa wawili tofauti. Siku hizi mchanga ukitawanyika naupiga hivyo ulivyo, kisha naukusanya polepole kwa picha 10 au 12 mpaka papa arudi. Mtazamaji huona maji yamechafuka na samaki akaibuka upande wa pili.

Anza na mkia peke yake, picha 24. Ukirudi ulipoanzia bila kuruka, papa wako yuko tayari kusafiri.