Mada Ndogo: Misimu Katika Majina ya Biashara

Umekwisha kujifunza kwamba misimu huzuka, huenea na mara nyingi hutoweka. Katika mtihani unaweza kuulizwa utumie sifa hiyo kueleza jambo la kila siku. Tazama mfano ufuatao.

Swali

Juma amerithi duka la vifaa vya ujenzi kutoka kwa baba yake. Anataka kulibadilisha jina liitwe "Noma Vifaa vya Ujenzi". Mshauri kwa kutumia sifa za misimu.

Jibu

Kwanza, misimu hueleweka kwa kundi fulani. Kijana akisema "noma sana" anaweza kuwa anasifu. Lakini neno hilohilo pia hutumika mitaani kwa maana ya tatizo au aibu. Wanaonunua saruji, nondo na bati aghalabu ni mafundi na watu wazima wanaojenga nyumba. Mzee akisoma bango hilo anaweza kudhani anaonywa, au akaona duka si la watu wa rika lake. Baba aliuza kwa kuaminiwa. Jina jipya linaweza kuwafukuza wateja aliowaacha.

Pili, misimu huchuja, hasa ile ya kusifu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana walisema "bab kubwa" wakimaanisha kitu kizuri mno. Leo ukilisema darasani, wenzako watacheka au watauliza maana yake. Bango lenye neno hilo lingetangaza kwamba biashara imebaki nyuma. Kubadili jina nako ni gharama: unasajili upya mabadiliko BRELA, unachora bango jingine, unatengeneza muhuri mpya na vitabu vipya vya risiti.

Tatu, si kila msimu hufa. "Daladala" lilianza mitaani. Asili yake huelezwa kuwa ni "dala", yaani shilingi tano iliyokuwa nauli. Limedumu kwa sababu lilitaja kitu ambacho watu walihitaji kukiita kila siku. "Noma" halitaji kitu. Linasifu tu, na maneno ya kusifu vijana huyabadili upesi.

Kwa hiyo Juma abaki na jina linalotaja bidhaa, mahali au familia. Kama anaupenda msimu huo, autumie katika tangazo la muda, ambalo ni rahisi kuliondoa.

Angalizo kwa mtahiniwa

Usijibu kwamba misimu ni lugha mbaya. Hapo utapoteza alama. Hoja ni mteja na muda. Kibanda cha kunyolea nywele chenye wateja vijana watupu kinaweza kunufaika na jina kama hilo, ingawa kitalazimika kulibadili litakapochuja.

Zoezi

Chagua jina moja la biashara mtaani kwenu lenye msimu. Msomee mtu wa miaka 60 na mtoto wa miaka 12, uwaulize maana yake. Linganisha majibu yao, kisha eleza kama jina hilo litadumu.